Mihadhara, Tuzo na Habari: Nini Kiingie katika Wasifu wa Kazi, na Kiandikweje kwa Mstari Mmoja

Wasifu wa kazi, ambao wengi huuita sivii, una sehemu moja ambayo huandikwa mwisho na kusomwa kwa mashaka kuliko nyingine zote. Ni ile inayoorodhesha mahali mtu alipoalikwa kuzungumza, tuzo alizopata, na magazeti au redio zilizomtaja. Elimu ina vyeti vyenye namba, na ajira ina barua pamoja na mwajiri wa kupigiwa simu. Sehemu hii hutegemea zaidi uungwana wa aliyeiandika, na ndiyo maana mtu aliyezoea kupitia maombi ya kazi huitazama kwa makini anapotaka kujua kama mwombaji anaeleza kazi yake au anajikweza.

Kipimo cha kuamua kipi kiingie si ukubwa wa shughuli wala umaarufu wa ukumbi. Jambo linastahili mstari wake pale mtu mwingine, asiye na sababu ya kumpendelea mwombaji, alipomchagua kwa ajili ya kazi ileile anayoiombea nafasi, na pale uchaguzi huo unapoweza kuthibitishwa. Ukikosekana uchaguzi, kilichobaki ni mahudhurio. Ukikosekana uhusiano na kazi, ni sifa njema isiyo na mahali hapo. Ukikosekana ushahidi, ni simulizi.

Kipimo hiki huonekana vizuri kinapotumiwa kwenye orodha ya mtu mmoja. Tuseme ni afisa kilimo wa wilaya katika mkoa wa Dodoma, mwanamke mwenye miaka 12 kazini, anayeomba kuwa mratibu wa mradi wa kuzuia sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Mfano huu ni wa kutungwa, ila sumukuvu yenyewe si ya kutungwa: ni sumu inayotolewa na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tangu hapo maofisa wa kilimo wa mikoa hiyo wamekuwa na jambo la kuzungumza, na watu wa kuwasikiliza. Afisa wa mfano huu ameandika kila anachokumbuka, na orodha yake ina mambo 27: mara 14 alizosimama mbele ya watu, tuzo 7, na mara 6 alizotokea kwenye vyombo vya habari.

Katika zile mara 14, tano ni mafunzo aliyoyatoa kwa wakulima vijijini. Hizo zinatoka, ingawa huenda ndizo zilizookoa maisha ya watu, kwa kuwa hakualikwa: alikuwa akifanya kazi anayolipwa mshahara. Hazipotei hata hivyo. Zinahamia kwenye sehemu ya ajira na kuwa sentensi moja inayotaja idadi ya vijiji na ya wakulima, na huko zina uzito mkubwa zaidi kwa sababu zinaonyesha matokeo. Kosa la kuziweka mafunzo ya kawaida chini ya kichwa cha mihadhara limezoeleka sana kwa walimu, wauguzi na maofisa ugani, na humdhuru mwenye wasifu mara mbili. Hujaza sehemu ya mihadhara kwa mambo dhaifu, na huiacha sehemu ya ajira ikiwa kavu.

Tatu nyingine ni shughuli alizosherehesha: mahafali mawili na harusi moja. Ushereheshaji ni kazi yenye ujuzi wake, na anayeomba kazi ya utangazaji ana haki ya kuutaja. Kwa nafasi ya mratibu wa mradi wa nafaka hauna mahali. Moja ni kongamano la Arusha ambalo alihudhuria akaketi na kusikiliza. Hapa ndipo maneno yanapotakiwa kulindwa, maana mshiriki ni aliyehudhuria, mtoa mada ni aliyepangiwa muda na kichwa cha habari katika ratiba, mjumbe wa jopo ni aliyejadiliana na wenzake jukwaani, mwezeshaji ni aliyeongoza mafunzo au majadiliano bila lazima ya kuwa na mada yake, na msemaji mkuu ni yule mmoja au wawili ambao mkutano mzima uliwekewa kikao cha kuwasikiliza. Mtu aliyeuliza swali zuri kutoka ukumbini bado ni mshiriki. Akiandika «mzungumzaji», na ratiba ya mkutano ikapatikana, wasifu mzima unatiliwa shaka kwa sababu ya neno moja.

Yanabaki mambo matano: mada aliyoitoa katika Maonesho ya Nane Nane miaka mitatu tofauti, jopo moja la Dar es Salaam, na mhadhara mmoja wa chuo kikuu. Ile mada ya Nane Nane ilikuwa ileile kila mwaka, kwa hiyo inapata mstari mmoja wenye miaka yote mitatu. Kuiandika mara tatu hakuongezi chochote ila urefu. Kuiandika mara moja na kuonyesha kwamba waandaaji walimrudia kunasema jambo ambalo mistari mitatu haisemi.

Mstari wenyewe una vipande vitano, na mpangilio unaosomeka vizuri katika Kiswahili ni huu: nafasi ya mtu, kichwa cha mada, jina la shughuli, mahali, na tarehe. Nafasi hutangulia kwa sababu ndiyo inayojibu swali la kwanza la msomaji, yaani mtu huyu alifanya nini pale. Afisa wa mfano huu alikuwa ameandika hivi:

«Nilipata heshima kubwa ya kualikwa kuwa mmoja wa wazungumzaji katika mkutano mkubwa wa kimataifa wa wadau mbalimbali wa masuala ya usalama wa chakula uliofanyika katika ukumbi wa kisasa jijini Dar es Salaam ambapo nilizungumzia changamoto za sumukuvu.»

Ni maneno zaidi ya 30, na msomaji akimaliza hajui mkutano ulikuwa lini, wala afisa huyu alisimama peke yake au alikuwa kwenye jopo. Baada ya kupunguzwa:

Mjumbe wa jopo, «Nani anapima mahindi kabla hayajafika mashineni?», mkutano wa wadau wa usalama wa chakula, Dar es Salaam, Machi 2023.

Kilichoondoka ni heshima, ukubwa, ukisasa na umataifa. Neno «kimataifa» linahitaji uangalifu wa pekee. Mkutano hauwi wa kimataifa kwa sababu mgeni mmoja alitoka Nairobi au kwa sababu mfadhili yuko Ulaya. Unakuwa hivyo kama jina lake rasmi linasema hivyo, au kama watoa mada wake walitoka nchi kadhaa, na hata hapo ni afadhali jina lenyewe liseme kuliko mwenye wasifu kulisemea.

Kiswahili kina mtego wake katika mistari ya namna hii, nao ni mlolongo wa viunganishi. Mwandishi asiyejihadhari hujikuta na «mada ya umuhimu wa ukaushaji wa mahindi ya wakulima wa vijiji vya wilaya ya», na kila neno linaning'inia kwenye lililotangulia mpaka msomaji anapoteza kichwa cha sentensi. Dawa yake ni alama ya mkato. Kila kipande kisimame peke yake, na koma ifanye kazi ambayo vingekuwa vinaifanya «katika», «lililofanyika» na «ambapo». Kitenzi chenye «nili-» nacho hakihitajiki, kwa kuwa jina la mwenye wasifu liko juu ya ukurasa na kila mstari unamhusu yeye. Mistari miwili iliyobaki ya afisa huyu inakuwa hivi:

Mtoa mada, «Kukausha mahindi bila kuyaanika chini», Maonesho ya Nane Nane, Viwanja vya Nzuguni, Dodoma, 2021, 2022 na 2024.

Mhadhiri mwalikwa, «Sumukuvu shambani na ghalani», wanafunzi wa shahada ya kwanza, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, Novemba 2022.

Kichwa cha mada kiandikwe kama kilivyokuwa kwenye ratiba, hata kama baadaye mwenyewe ameona kingeweza kuwa kizuri zaidi, kwa sababu msomaji akitafuta atatafuta maneno hayo. Kama mada ilitolewa kwa njia ya mtandao, mahali huchukuliwa na maneno «kwa mtandao»; kuandika jina la jiji la kigeni ambako mtu hakufika ni kupotosha. Mwaliko uliokubaliwa lakini shughuli yake haijafika unaweza kuingia, mradi mstari uishie na neno «inayokuja» pamoja na mwezi na mwaka. Shughuli iliyoahirishwa bila tarehe mpya haiingii, japo barua ya mwaliko ipo na ilikuwa ya kupendeza.

Wasomi wana tofauti moja ya kujua. Katika makongamano ya kitaaluma mtu huweza kupata nafasi kwa njia mbili: kualikwa na waandaaji, au kutuma ikisiri ikapitiwa na kukubaliwa. Zote mbili ni uchaguzi wa kweli, ila si uchaguzi wa aina moja, na wasifu wa kitaaluma huzitenganisha kwa neno «mwalikwa». Asiyealikwa akiandika «mwalikwa» atajulikana mara moja, maana wanataaluma wa fani moja hukutana katika makongamano yaleyale mwaka hadi mwaka.

Tuzo ndizo zenye matatizo mengi zaidi. Katika tuzo 7 za afisa huyu, tatu ni vyeti vya ushiriki. Cheti cha ushiriki ni uthibitisho kwamba mtu alikuwepo, na hutolewa kwa kila aliyekaa mpaka siku ya mwisho. Kina muhuri, kina saini, mara nyingine kina fremu na kimetundikwa sebuleni, lakini hakuna aliyeshindwa ili mwingine akipate. Mafunzo yenye mtihani mwishoni yana hadhi nyingine, nayo huenda kwenye sehemu ya elimu na mafunzo. Kwenye tuzo hayaingii.

Ya nne ni ufadhili wa masomo wa shahada ya uzamili. Ufadhili uliopatikana kwa kushindana ni tuzo kwa maana halisi, na kijana aliyemaliza chuo juzi anafanya vyema kuuweka hapo, kwa sababu huenda hana kingine. Kwa mtu mwenye miaka 12 kazini unakaa vizuri zaidi pembeni mwa shahada yenyewe, kwa maneno machache: «kwa ufadhili wa ushindani wa» na jina la mfadhili. Ruzuku ya mradi ni jambo jingine tena. Hizo ni fedha za kufanyia kazi ambayo bado haijafanyika, si pongezi kwa iliyofanyika, na hustahili kichwa chake chenye kiasi na muda. Kinyume chake, kiasi cha fedha kilichoambatana na tuzo hakitajwi. Msomaji anataka kujua tuzo ilitolewa kwa kazi gani, na kutaja bahasha kunaiondoa macho yake pale.

Ya tano ni barua pepe. Ilimfikia bila yeye kuomba chochote, ikimpongeza kwa kuteuliwa miongoni mwa viongozi bora wa kilimo barani Afrika, na aya ya tatu ikamwomba alipie meza kwenye hafla, nishani, na ukurasa wake katika kitabu cha washindi. Tuzo za namna hii ni biashara, nazo hujitambulisha kwa dalili zilezile: hazina majina ya waamuzi, hazisemi zilipima nini, zina makundi mengi kiasi kwamba kila mtu anapata lake, na asiyelipa si mshindi. Ada ndogo ya kuwasilisha kazi si dalili mbaya peke yake, kwa kuwa mashindano mengine ya heshima huitoza ili kugharimia usomaji. Dalili mbaya ni malipo yanayodaiwa baada ya ushindi kutangazwa. Tuzo hiyo inafutwa, na ni afadhali ifutwe hata kama ada ilishalipwa, kwani msomaji anayeijua kampuni hiyo ataanza kujiuliza ni mistari mingapi mingine imenunuliwa.

Zinabaki mbili. Ya kwanza ni ya Mei Mosi. Katika sikukuu hiyo ya wafanyakazi, taasisi nyingi za Tanzania humtangaza mfanyakazi bora wao, mara nyingi akikabidhiwa cheti na fedha taslimu mbele ya wenzake. Wapo wanaoiona ndogo mno kuingia katika wasifu, na wanakosea. Wenzake kazini ndio wanaomjua, na walikuwa na watu wengine wa kumchagua. Udhaifu wa tuzo hii ni kwamba kwa mtu wa nje jina lake halielezi chochote, kwa hiyo mstari wake lazima ubebe sababu:

Mfanyakazi Bora wa Idara ya Kilimo, Mei Mosi 2019, kwa kuanzisha upimaji wa unyevu wa mahindi katika maghala ya vijiji.

Maneno yanayofuata «kwa» ndiyo yenye thamani. Tuzo isiyojulikana nje ya wilaya sasa imegeuka kuwa ushahidi wa kazi ileile inayoombwa, maana unyevu ndio mwanzo wa sumukuvu, na anayepima unyevu anajua tatizo linapoanzia. Kanuni inayotokana na hapo ni rahisi: kadiri tuzo inavyojulikana kidogo, ndivyo maelezo yake yanavyohitajika zaidi. Tuzo inayojulikana na wote haihitaji hata neno moja la ziada. Mstari wa Wangari Maathai ni «Tuzo ya Amani ya Nobel, 2004», na wa Abdulrazak Gurnah ni «Tuzo ya Nobel ya Fasihi, 2021», na kuviongezea vivumishi ni kuvipunguza. Hata kwa Maathai huyohuyo, Tuzo ya Mazingira ya Goldman ya 1991 ingehitaji maneno mawili matatu kwa msomaji wa kawaida, kwa kuwa wengi wameijua Nobel bila kuijua Goldman.

Ya pili ni nafasi ya pili ya banda la halmashauri yake katika Nane Nane. Afisa alikuwa ameandika kwa ufupi «Mshindi, Nane Nane 2022». Neno hilo lina makosa mawili, moja la nafasi na jingine la mwenye tuzo, kwa sababu walioshinda ni kikosi cha watu sita na hawakuwa wa kwanza. Usahihi hauipunguzi:

Mwanatimu (mmoja wa sita), nafasi ya pili, mabanda ya halmashauri, Nane Nane Kanda ya Kati, 2022.

Suala la nafasi linafika mpaka kwenye tuzo kubwa za dunia. Mashindano mengi ya fasihi hutangaza orodha ndefu, kisha orodha fupi, kisha mshindi, na kila hatua ni taarifa ya wazi inayoweza kuandikwa kwa jina lake. Riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, iliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka 1994. Haikushinda, na kwa miaka mingi kabla ya Nobel mstari huo ulikuwa miongoni mwa mistari mizito kabisa ya wasifu wake. Mwandishi kijana aliyefika orodha fupi ya Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za Kiafrika, ana haki ya kuandika «orodha fupi» bila aibu, kwani waamuzi wamesoma hadithi nyingi na kubakiza chache tu.

Kupendekezwa ni habari nyingine. Neno hili hutumiwa kwa mambo mawili yasiyofanana: kufikishwa hatua ya mwisho na waamuzi, au mtu fulani tu kutuma jina la mwenzake. La kwanza ni uchaguzi, la pili ni fomu iliyojazwa. Tuzo za Nobel zinaonyesha tofauti hiyo kwa ukali kabisa. Majina yanayopendekezwa huko hufungiwa kwa miaka 50, na wanaoruhusiwa kupendekeza ni wengi, wakiwemo maprofesa wa fani fulani katika vyuo vikuu, na kwa tuzo ya amani hata wabunge wa nchi mbalimbali. Mtu aliye hai anayejiandika «mteule wa Nobel» kwa mwaka wa karibuni, basi, anadai jambo ambalo waandaaji hawawezi kulithibitisha, na ambalo hata likiwa kweli halioneshi kwamba kuna mwamuzi aliyekubali. Kanuni inayofaa ni kuandika kupendekezwa pale tu waandaaji wenyewe walipotangaza majina hadharani.

Jina la tuzo liandikwe kama lilivyokuwa mwaka wa ushindi. Tuzo kuu ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 ilijulikana kwanza kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye jina la Safal likachukua nafasi ya Mabati. Mshindi wa miaka ya mwanzo aandike Mabati-Cornell, kwa maana ndilo lililo kwenye cheti chake na kwenye habari za wakati huo. Tuzo hiyo ina jambo jingine la kuzingatia: hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa. Kwa hiyo mstari mzuri husema ni utanzu gani na ni mswada au kitabu, ili msomaji asiende dukani kutafuta kitabu ambacho bado hakijatoka.

Sehemu ya vyombo vya habari hujaa haraka na hupungua haraka ikichujwa. Mara 6 za afisa wa Dodoma ni hizi: mahojiano ya redioni, nukuu gazetini, picha aliyopigwa akiwa nyuma ya mgeni rasmi, kipande cha televisheni alichoonekana akipita, makala ya maoni aliyoiandika mwenyewe, na ukurasa wa toleo maalumu lililolipiwa na halmashauri. Picha na kipande cha televisheni vinatoka, kwa kuwa hakuna aliyetafuta kauli yake. Toleo la kulipia linatoka, kwa kuwa ni tangazo, ingawa limechapwa kwa herufi zilezile za habari. Makala ya maoni haifutwi bali inahamia kwenye machapisho: huko mhariri hakumtaja, alichapisha kazi yake, na hilo ni kubwa zaidi ya kutajwa.

Yanabaki mahojiano na nukuu. Neno la kwanza la mstari lieleze aina ya kutajwa kwenyewe, kwa sababu umbali kati ya aina hizo ni mkubwa. Makala inayomhusu mtu inamchukua yeye kuwa habari. Mahojiano yanampa muda wa kueleza. Nukuu inamchukua kama shahidi mjuzi ndani ya habari ya jambo jingine. Kuandika kwa jumla «nimeangaziwa na vyombo mbalimbali vya habari» kunachanganya vyote hivyo, na msomaji mwenye uzoefu hukichukulia kile kidogo zaidi.

Mahojiano kuhusu unyevu wa mahindi na sumukuvu, TBC Taifa, Juni 2022.

Nukuu kuhusu chanzo cha sumukuvu, Mwananchi, 9 Agosti 2023.

Gazeti linapewa tarehe kamili kwa sababu hutafutwa kwa tarehe. Kwa redio mwezi hutosha, ila mwenye wasifu ajue siku na kipindi, kwa kuwa matangazo hupita na yasiyorekodiwa hayapatikani tena. Kilichotoka mtandaoni kinaweza kuwekewa kiungo, lakini viungo hufa: tovuti hubadilishwa, makala huhamishwa, na msomaji anabonyeza anakuta ukurasa mtupu. Jina la chombo na tarehe vikiwepo, mstari unabaki hai baada ya kiungo kufa, na nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa siku ya kwanza inamaliza ubishi.

Jambo moja la vyombo vya habari husahaulika. Mtu aliyezungumza kama msemaji wa taasisi hakuchaguliwa kwa ujuzi wake, alitumwa na cheo chake, na angekuwa mwingine katika kiti hicho angehojiwa huyo. Mahojiano ya namna hiyo huelezwa kwenye sehemu ya ajira kama wajibu wa kazi. Anayeomba kazi ya mawasiliano ndiye pekee anayenufaika kuyataja moja moja. Nukuu ambayo gazeti lilimkosea, likamsemesha asilosema, isiorodheshwe kabisa, hata kama gazeti ni kubwa, kwa maana atakayeifuata ataisoma kama ilivyo.

Mambo 27 yamekuwa mistari saba: mitatu ya kuzungumza, miwili ya tuzo, miwili ya habari. Inatosha nusu ya ukurasa au pungufu, nayo inapangwa kuanzia ya karibuni kwenda ya zamani. Kwa wasifu wa kurasa mbili hicho ni kiasi cha kutosha, na jambo lililopita miaka mitano au sita linabaki tu kama halijapata la kulizidi, kama ilivyo ile Mei Mosi ya 2019. Vyuo vikuu ni tofauti, kwani maombi ya kupandishwa cheo hutaka orodha kamili tangu mwanzo, na huko kuacha jambo ni kujinyima. Mwenye jambo moja tu la kweli asilitengenezee kichwa cha peke yake, kwani kichwa kikubwa juu ya mstari mmoja huonyesha upungufu. Aliweke chini ya kazi inayohusika, na litasomwa vizuri zaidi.

Kazi ya mwisho hufanyika kabla ya wasifu kutumwa, na haihusu maneno tena. Kila mstari utafutiwe karatasi yake: barua ya mwaliko au ratiba yenye jina kwa mada, cheti au tangazo la matokeo kwa tuzo, kipande cha gazeti chenye tarehe au sauti iliyorekodiwa kwa habari. Vyote vikae kwenye jalada moja, kwa mpangilio uleule wa wasifu, ili swali likiulizwa kwenye usaili jibu liwe mkononi. Mstari uliokosa karatasi ufutwe, hata kama tukio lake lilikuwa la kweli.